Wakunga walifaulu mtihani wa semina, leba ikabaki vilevile: utajuaje kama mafunzo yamefanya kazi?

Mwaka 2010 pale hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, wahudumu wa leba walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Ni kozi inayofundishwa kwa mwanasesere, unamfuta, unamchangamsha kwa kumsugua mgongo, unatoa uchafu puani na mdomoni, asipopumua unampa hewa kwa ambubegi, yaani begi la kusukuma hewa kwa mkono kupitia maski, na yote hayo ndani ya dakika moja ambayo wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Kabla ya kozi waliofaulu mtihani wa kumsaidia mwanasesere "asiyepumua" walikuwa asilimia 18 tu. Miezi saba baada ya kozi walikuwa asilimia 74. Yaani kwa ripoti tunazozoea kuandika sisi watu wa mafunzo hapo kazi imeisha, unaambatanisha picha za cheti unapeleka kwa mfadhili.

Bahati nzuri Haydom hawakuishia hapo. Walikuwa na watu waliofundishwa kukaa leba usiku na mchana na saa mkononi, wanaandika kila mtoto anayezaliwa kafanyiwa nini na baada ya sekunde ngapi, na walianza kuandika hivyo kabla kozi haijafanyika. Walipolinganisha wakakuta kitandani, kwa watoto wa kweli, huduma haikuwa imekuwa bora. Wakunga walewale waliokuwa wanamhudumia mwanasesere vizuri kabisa.

Mimi kazi yangu ni kupanga mafunzo ya watumishi wa afya na hii habari ya Haydom huwa naileta kila ninapokaa na mainchaji, wale wakuu wa vituo, kwa sababu ina kila kitu ndani yake: kujua nani anahitaji kufundishwa nini, kumfundishia wapi, na kupima kama imesaidia.

Nianze na kujua hitaji maana ndipo tunapokosea mapema zaidi. Inchaji anakuja na barua, watoto wanakufa, tunaomba semina. Ukimuuliza kwako nani hajui, na umejuaje kwamba hajui, anakaa kimya. Kufa kwa watoto ni tatizo la kituo, haijawa bado hitaji la mafunzo. Swali la kujiuliza ni hili: huyu mkunga ukimpa kila kitu mkononi sasa hivi, mchana, ametulia, anaweza kufanya? Kama anaweza, basi kinachokwama si ujuzi na hata ukimpeleka semina tatu atarudi vilevile.

Kuna kituo kimoja cha afya niliwahi kwenda kwa kazi hiyohiyo ya kuandaa semina. Nikamwomba mkunga wa zamu anioneshe ambubegi. Akaenda kabatini, kabati lina kufuli, funguo anayo inchaji na inchaji yuko kikao cha wilaya. Tukasubiri, ilipofunguliwa begi lilikuwepo zima ila maski ya mtoto mchanga haikuwepo, ipo ya mtu mzima tu. Sasa huyo dada nilimpa mwanasesere na begi langu nililokuja nalo akafanya vizuri tu, kifua kinapanda, hewa inaingia, anahesabu mwenyewe kwa sauti. Hitaji la kituo kile lilikuwa maski na kabati lisilo na kufuli, na pale wodini tungemaliza kwa siku moja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika bajeti fanya mambo matatu na hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Kwanza soma rejista ya leba, na usiangalie vifo peke yake, angalia apga, zile alama za 0 mpaka 10 anazopewa mtoto dakika ya kwanza na ya tano kuonesha hali yake. Ukikuta watoto mwezi mzima wameandikwa 8 na 10, 8 na 10, 8 na 10, hata yule aliyekufa baada ya nusu saa, ujue inajazwa zamu ikiisha, hakuna anayemwangalia mtoto dakika ya kwanza. Pili kaa leba zamu mbili tatu, na moja iwe ya usiku maana usiku mkunga ni mmoja na mama ni wawili, angalia begi liko umbali gani na kitanda. Tatu mpe kila mtumishi mwanasesere mmoja mmoja, sio kikundi, kikundini yule anayejua anawabeba wenzake. Ukimaliza hapo utakuwa na majina ya watu na kitu ambacho kila mmoja hakiwezi, na mara nyingi orodha inakuwa fupi kuliko ile ya watu 30 iliyoandikwa kwenye barua.

Sasa kufundishia wapi. Hapa kwetu tukisema mafunzo kazini tunamaanisha mafunzo yoyote ya mtu aliyeajiriwa, hata akienda hotelini mkoa mwingine siku tano na posho juu, kwa hiyo niseme wazi kwamba nikisema palepale kazini namaanisha ndani ya leba, kwenye zamu yake, kwa vifaa atakavyotumia usiku.

Semina ya nje sina ugomvi nayo. Kama ni kitu kipya kabisa, watu hawajawahi kushika begi, wanahitaji siku nzima ya utulivu, mtu akosee mara 20 bila mama kumwangalia na bila simu ya wodini, na mkufunzi anayejua kweli, huyo huwezi kumzungusha kila kituo. Ila semina ina madhaifu yake na hayaondoki kwa mkufunzi mzuri. Anayeenda mara nyingi ni yule ambaye zamu yake ya posho imefika, anayebaki leba ndiye anayezalisha. Meza ya semina ina mwanga na kila kitu kimepangwa kulia kwako. Na mkono unasahau, mtoto anayehitaji begi si wa kila siku, mkunga anaweza kumaliza wiki kadhaa hajakutana naye, siku akikutana naye kile alichojifunza hotelini kimeshafifia.

Haydom walibadilisha hapo. Kuanzia Februari 2011 mazoezi yakahamia leba kwenyewe, dakika 3 mpaka 5 tu kila wiki na mwanasesere, halafu kila mwezi marudio marefu kidogo ya dakika 40. Hakuna hoteli. Mtu anaingia zamu, anafanya zoezi, mwenzake anamwambia maski imevuja upande wa kidevu, anarudia, anaendelea na kazi. Walipolinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Lakini na hili la palepale kazini lina mtego wake, na mimi nimeuona sana. Mgeni anafundishwa na mwenyeji, kama mwenyeji anamfyonza uchafu puani na mdomoni kila mtoto hata anayelia vizuri bila kuhitaji, mgeni naye atafyonza kila mtoto, na baada ya mwaka wodi nzima inafanya hivyo na wanaamini ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo yule atakayesimamia mazoezi mpime yeye kwanza. Na zoezi liwe na siku yake na jina la msimamizi, ukisema "tutafanya tukipata nafasi" leba haina nafasi, wiki ya tatu mwanasesere yuko stoo.

Kupima sasa. Watu wa fani yetu wanatumia ngazi nne alizoandika Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959: washiriki wameipokeaje, wamejifunza nini, wanafanyaje wakirudi kazini, na kazi yenyewe imepata matokeo gani. Fomu ya mwisho wa semina inayouliza chakula kilikuwaje na mkufunzi alieleweka ni ngazi ya kwanza, mtihani wa kabla na baada ni ya pili, na kwetu tunaishia hapo. Haydom baada ya kozi ya siku moja walikuwa wamepata ngazi ya pili vizuri sana na ya tatu hawana, na wasingejua kama wasingekaa leba na saa.

Ngazi ya nne inavutia kila mtu ila kwa kituo kidogo inadanganya. Chukua kituo kinachozalisha akina mama 40 kwa mwezi, kwa mwaka ni 480. Kwa kiwango kile cha vifo 11 kwa 1,000 unategemea watoto kama 5 kwa mwaka. Mwaka unaofuata wakiwa 3 utafanya sherehe, wakiwa 7 utamlaumu mkufunzi, na yote mawili yanaweza kutokea bila mtu yeyote kubadilisha anachofanya. Hata Haydom yenye watoto karibu 5,000 kwa mwaka ilikuwa hospitali moja, kabla na baada, bila hospitali ya kulinganisha nayo, kwa hiyo nasema vifo vilishuka baada ya mazoezi na naamini mazoezi yalichangia, ila kipande gani hasa ni cha mazoezi siwezi kukukatia.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Mtoto ambaye zamani asingejaribiwa angeandikwa amezaliwa mfu, sasa anasaidiwa, moyo unapiga, halafu anafariki baada ya saa mbili. Kwenye rejista vifo vya wachanga vimeongezeka na waliozaliwa wafu wamepungua. Ukiangalia safu moja utasema mafunzo yameua, ndiyo maana hizo safu mbili zinasomwa pamoja.

Kwa hiyo kituo kidogo kipime ngazi ya tatu, kitendo. Chagua kimoja tu: kwa mtoto ambaye hapumui, hewa ya kwanza ya begi imeingia baada ya sekunde ngapi. Andika wiki nne kabla hujafundisha, na kama mko vituo viwili fundisha kimoja kwanza, kingine miezi mitatu baadaye, kile kilichosubiri ndicho kitakuonesha kama ni mafunzo au ni kitu kingine kilichotokea wilaya nzima. Usihesabu begi limetumika mara ngapi. Pale Haydom baada ya mazoezi ya kila wiki watoto waliopewa begi walipungua, kutoka asilimia 7.3 mpaka 5.9, wakati waliochangamshwa na kutolewa uchafu waliongezeka, na maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wengi walianza kupumua wenyewe kabla begi halijahitajika. Ungeweka idadi ya mabegi kama kipimo chako ungeandika kwamba mafunzo yamefeli.

Na rudia kupima mwezi wa sita, ukiwa na orodha ya majina mkononi. Watumishi wanahamishwa, wanaenda masomoni, wanapelekwa wodi nyingine, na nimeshakuta leba ambayo kati ya tisa tuliowafundisha waliobaki ni wawili na wote wawili wako zamu ya mchana.