Kamera juu ya skrini haitoshi

"Kamera ikishakaa juu ya monita, katikati, mwenzangu kwenye simu ya video ataona namtazama machoni."

Wengi huamini hivyo, na katikati kweli ni mahali pazuri. Lakini kinachoamua ni pembe kati ya lenzi na macho ya mwenzako yanapoonekana kwenye skrini yako. Chukua monita ya inchi 27, dirisha la simu ya video likiwa katikati yake: kutoka lenzi hadi macho hayo ni kama sentimita 20. Ukikaa umbali wa sentimita 60, pembe inafika nyuzi 18, na mwenzako anakuona umeinamisha macho.

Punguza dirisha, ulisogeze hadi ukingo wa juu, chini kabisa ya lenzi. Macho yake yakiwa sentimita 7 chini ya lenzi, nawe ukirudi nyuma hadi sentimita 80, pembe inashuka hadi nyuzi 5 hivi. Hapo watu wengi hawaoni tofauti. Shusha pia monita hadi lenzi ilingane na macho yako, isije ikakupiga picha kutoka juu.

Macho yanayoteleza kidogo chini husameheka kuliko yanayokwenda pembeni, kwa hiyo monita ya pili yenye dirisha la mwenzako ndiyo huharibu zaidi.

Kupima ni rahisi: jirekodi sekunde 10 ukitazama lenzi, kisha 10 ukitazama dirisha. Ukicheza rekodi na bado unaona macho yakiruka, sogeza dirisha tena.