Jihadi za Wanazuoni wa Savana: Ugomvi Ulikuwa juu ya Sheria

Jihadi za karne ya 19 katika ukanda wa savana wa Afrika Magharibi zilikuwa harakati za wanazuoni waliotaka kuuhuisha Uislamu uliokuwapo tayari, na walipogongana na watawala wakaanzisha dola zao wenyewe. Seku Amadu alisimamisha ya kwake Masina, katika Mali ya leo, Umar Tal akafuata baadaye, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Sokoto ya Shehu Usman dan Fodio, katika kaskazini ya Naijeria ya leo. Kila mara nasoma kwamba Shehu "aliwasilimisha Wahausa kwa upanga", na hapo ndipo maana yenyewe inapopotea.

Wafalme wa Gobir, dola ya Kihausa alikoishi Shehu, walijiita Waislamu. Katika nchi za Wahausa walikuwako makadhi, na vitabu vya fikihi ya Kimaliki vilisomeshwa karne kadhaa kabla yake. Shehu alianza kuhubiri mnamo 1774 akiwa kijana wa miaka 20, na kwa muda wa miaka 30 silaha yake ilikuwa darsa. Alichowalaumu watawala kinaonekana katika kitabu chake Kitab al-Farq, kinachotofautisha serikali ya Kiislamu na serikali ya makafiri: walitoza kodi zisizo na msingi katika sharia, zikiwamo za mifugo, walipokea rushwa kabla ya kuhukumu, walichukua wanawake bila ndoa, walinyakua mali ya marehemu ilhali warithi wapo. Mashtaka haya yanamwelekea mtawala, na mkulima anatajwa ndani yake kama mwenye kudhulumiwa.

Hata cheche iliyowasha vita ilihusu hadhi ya Mwislamu mbele ya sheria. Sarki Nafata, yaani mfalme wa Gobir, alikwisha kupiga marufuku vilemba na shungi, na kuzuia watu kuingia katika dini ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Mrithi wake Yunfa alipoishambulia jamaa ya Abd al-Salam, mwanafunzi wa Shehu, mateka Waislamu walipitishwa karibu na Degel, kijiji cha Shehu, na wafuasi wa Shehu wakawafungua. Mwislamu huru hafanywi mtumwa; juu ya hilo hawakukubali kurudi nyuma. Shehu akahamia Gudu Februari 1804, akapewa baia, kiapo cha utii, na mwaka 1808 Alkalawa, mji mkuu wa Gobir, ukaanguka.

Pingamizi kali zaidi ilitoka kwa mwanazuoni mwenzao. Vita vilipofika Borno, dola ya Kiislamu ya karne nyingi, Muhammad al-Kanemi alimwandikia Muhammad Bello, mwana wa Shehu, akimtaka ataje hoja ya kuwapiga Waislamu. Alikubali kwamba rushwa, kula mali ya yatima na kutojifunika kwa wanawake vilikuwapo Borno, ila akasema hayo ni maasi, na maasi hayamtoi mtu katika Uislamu. Bello alijibu kwamba watawala wa Borno walichinja kafara kwenye miti na mawe, tena waliwasaidia wafalme wa Kihausa dhidi ya jamaa ya Shehu. Naona al-Kanemi alikuwa na hoja nzito. Ila wote wawili walibishana kwa vitabu vilevile, na swali lao lilikuwa moja: nani anastahili kuhesabiwa Mwislamu, na kwa matendo gani anaitoka dini?

Lengo la sheria liliandikiwa miongozo. Abdullahi, nduguye Shehu, aliwatungia watu wa Kano Diya al-Hukkam, kitabu cha kuwaonyesha namna ya kuhukumu na kutawala. Utekelezaji ulipwaya: dola iliyozaliwa kwa kufungua mateka ikawa miongoni mwa zenye watumwa wengi mno barani, na kodi kadhaa zilizolaaniwa zikarudi.

Elimu ilidumu vizuri zaidi. Shehu aliwalaumu maulamaa waliowaacha wake na binti zao katika ujinga, na binti yake Nana Asma'u (1793–1864) akalifanyia kazi neno hilo. Alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa ili yahifadhiwe moyoni, akawafundisha wanawake walioitwa jaji. Kila jaji alirudi kijijini, akawasomesha wenzake majumbani, kisha akaongozana na kundi lao, 'Yan Taru, hadi Sokoto. Kofia ya jaji, malfa, ilikuwa zamani alama ya kiongozi wa bori, ibada ya Kihausa ya kupandisha pepo.

Kwa hiyo ni sawa kabisa kuandika kwamba wakulima wengi wa vijijini waliijua dini zaidi baada ya 1804, na kwamba palikuwa na vita vya umwagaji damu. Neno "aliwasilimisha" ndilo la kubadilisha. Andika kwamba Shehu aliwashtaki watawala waliojiita Waislamu kwa kutohukumu kwa sharia, akawaondoa.