Kadi ya kugusisha hainyonywi kutoka meza ya pili

“Eti mtu akikaa meza ya pili na mashine yake anaweza kuninyonya hela kwenye kadi?”

Hapana aisee. Kadi haina betri, ndani kuna chipu na koili ya waya mwembamba tu imezunguka ukingoni, umeme wake inaupata kwenye uga wa sumaku wa mashine yenyewe, na huo uga unakufa haraka balaa: umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inabaki kama moja ya nane, kwa hiyo sentimita 4 kadi inaamka, mita moja imelala fofofo. Anayekubana kwenye daladala ndo wa kumwangalia, mashine ikigusa mfuko inasoma kweli, ila msimbo inaotoa kadi ni wa muamala huo mmoja tu, kesho haufanyi kazi.