-Me- si "have"

Kila msimu wa korosho, ghala moja huku Masasi huniletea barua pepe za Kiingereza nizipitie kabla hazijaenda kwa wanunuzi. Na kila msimu nakutana na sentensi hii: "The lorry has arrived yesterday." Safari hii nikamuuliza karani. Akanijibu bila wasiwasi, "Mwalimu, si lori limefika jana? -Me- ndiyo have, tulifundishwa hivyo."

Kwa ufupi, "arrived" ni habari ya wakati uliopita na imekwisha huko. "Has arrived" ni hali timilifu: jambo limetokea nyuma, lakini msemaji amesimama sasa.

Kinachoniudhi ni hiyo "-me- ndiyo have". Asili zake ni mbali mbali. -Me- yetu imetokana na kitenzi cha kale kumala, ndugu wa kumaliza. Inatuambia jambo limekwisha na matokeo yake yapo. Lilikwisha lini, haijali. Ndiyo maana "limefika jana" haimkwazi mtu stendi wala sokoni. "Have" ni kuwa na kitu. Mwingereza wa kale alikuwa akisema kitu kama "nina samaki, kavuliwa", na hilo neno la kuvuliwa lilikuwa sifa ya samaki, likibadilika kumfuata kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. Karne zikapita, maneno yakagandana yakawa kitenzi kimoja, lakini "have" imebaki na wakati wake wa sasa. Jaribu kusema "nina samaki jana" uone mdomo unavyokataa. Hivyo ndivyo sikio la Mwingereza linavyokataa "has arrived yesterday".

Dawa tunayo wenyewe, kwenye ukanushi. Kanusha "lori limefika jana". Hutasema "halijafika jana". Utasema "halikufika jana". Umepata -ku-, basi andika "arrived". Ondoa jana: "lori limefika", kanusho lake "halijafika". Hapo ni -ja-, "has arrived" inakaa vizuri. Hata "halijafika tangu jana" tunaikubali, na Kiingereza nacho kinakubali: "has not arrived since yesterday". Yaani -ja- inachagua majira kama "have" inavyochagua. -Me- ndiyo iliyolegea.

Kipimo hiki kina mahali kinapokwama. "Mlinzi amelala" ni "is asleep", na "nimechoka" ni "I am tired". Hapo -me- inataja hali mtu aliyomo, wala usiitafutie "have".

Karani alikanusha sentensi yake kwa sauti mara mbili, akacheka. Nikamwambia, mwanangu, futa "has" tu, hiyo "yesterday" iache: mnunuzi anataka kujua mzigo ulifika siku gani.