Oda, trakingi na weibili: ni namba ipi umpe muuzaji, na ipi umpe msafirishaji?

Tuchukue mzigo mmoja na tutembee nao. Fundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya, anaagiza vioo 20 vya simu kutoka Uchina kwenye soko la mtandaoni. Muuzaji anavituma ghala la wakala lililoko Guangzhou. Wakala anachanganya mizigo ya wateja wengi, anairusha kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha katoni ya fundi inapakiwa kwenye basi la Mbeya. Hadi hapo fundi ana namba tano kwenye simu yake, na hakuna mbili zilizotolewa na mtu mmoja. Matatizo mengi ya "mzigo umepotea" huanzia hapa: mzigo upo, ila umeulizwa kwa namba ya daftari la mtu mwingine.

Dhana: Namba ni namba tu, yeyote ukimpa atauona mzigo

Si kweli. Kila namba inasomeka kwenye mfumo wa aliyeitoa, na mara nyingi haisomeki kwingine kokote.

Namba ya oda huzaliwa pale unapothibitisha manunuzi, wakati hata katoni haijatafutwa. Inajua umenunua nini, rangi gani, bei gani, umelipa lini na umelipa kwa nani. Haijui uzito wa mzigo wala uko wapi. Ukimpigia karani wa kampuni ya usafirishaji na kumsomea tarakimu 16 za oda, atakujibu kwamba hakuna kitu kama hicho, na atakuwa anasema kweli. Namba hiyo ni ya kumpa muuzaji, au soko lenyewe unapodai fedha zako: umeletewa vioo 18 badala ya 20, vimekuja vya modeli nyingine, au muuzaji hajatuma kabisa.

Namba ya kufuatilia, ambayo wengi wetu tunaiita trakingi, huzaliwa lebo inapochapishwa kwa ajili ya kifurushi. Inachojua ni mahali kifurushi kiliposkaniwa mara ya mwisho, na saa ngapi. Bei na modeli haviko humo.

Weibili ni hati ya kusafirisha mzigo: nani ametuma, nani anapokea, vipande vingapi, kilo ngapi, ndani kuna nini kwa maelezo ya mtumaji, na nani analipa nauli. Namba yake ndiyo namba ya makubaliano kati ya mtumaji na msafirishaji. Ukidai fidia ya mzigo ulioloa au kuvunjika njiani, hiyo ndiyo wanayoitaka.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa sababu kwa kampuni za haraka weibili na trakingi huwa kitu kimoja. Lebo ya DHL Express ina neno WAYBILL na tarakimu 10 kando yake, na hizo hizo ndizo unazoziandika kufuatilia. Chini ya lebo kuna msimbo mwingine unaoanza na JD. Huo ni wa kipande kimoja kimoja: mzigo wa katoni tatu una weibili moja na JD tatu. Ikifika katoni mbili na ya tatu ikakosekana, weibili peke yake haitoshi kuitambua iliyobaki, hivyo taja na JD yake.

Dhana: Trakingi imesema "umepokelewa" na mimi sina kitu, basi nimeibiwa

Hii ndiyo inayogombanisha watu wengi kuliko zote, na mara nyingi aliyetuhumiwa hana kosa.

Rudi kwa fundi wetu. Siku ya tatu baada ya kulipa, muuzaji anamtumia namba inayoanza na SF ikifuatwa na tarakimu 13. Hiyo ni namba ya msafirishaji wa ndani ya Uchina, na safari yake inaishia kwenye mlango wa ghala la wakala Guangzhou. Mlinzi au karani wa ghala akisaini, mfumo unaandika 已签收, yaani umesainiwa na kupokelewa. Fundi aliyeko Mwanjelwa anasoma tafsiri yake kwenye simu, anatazama mlangoni, hakuna kitu. Anafungua madai kwa muuzaji. Muuzaji anatoa ushahidi wa saini na kushinda, kwa sababu upande wake kazi imekwisha.

Swali la kujiuliza hapo ni moja: umepokelewa mji gani? Soma mstari wa mwisho wa trakingi. Mji ukiwa Guangzhou, namba hiyo imemaliza kazi na haitasogea tena hata ukiifungua kila asubuhi. Sasa mtu wa kuulizwa ni wakala, na yeye anaulizwa kwa namba hiyo hiyo ya SF, kwa sababu ndiyo iliyobandikwa kwenye katoni alipoipokea. Ujumbe mzuri ni mfupi:

"Habari za kazi kaka. Mzigo wangu namba SF… umesainiwa ghalani kwenu tarehe 4 saa 9 alasiri, katoni 1. Alama yangu ni MBY 27. Naomba uthibitishe mmeupokea na unipe namba ya weibili yenu."

Hiyo alama ya mteja, ile wengine wanaiita mak, ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Muuzaji akisahau kuiandika juu ya katoni, mzigo unaingia kundi la mizigo isiyo na mwenyewe. Wakala anaweza kuwa na katoni yako miguuni pake na bado akakujibu "hatujapokea", maana anatafuta kwa alama. Namba ya SF na picha ya lebo aliyopiga muuzaji ndizo zitakazoitoa. Namba ya oda haina msaada wowote hapo, kwa kuwa haijaandikwa popote juu ya katoni.

Kagua pia idadi. Oda moja inaweza kutumwa kwa vifurushi viwili vyenye trakingi mbili, hasa bidhaa zikitoka maghala tofauti. Wakala akikuandikia kipande 1 na muuzaji anasema 2, mrudie muuzaji kwa namba ya oda na umuombe trakingi ya pili. Usimdai wakala kitu ambacho hakijafika kwake.

Dhana: Nikipata namba ya ndege, naweza kuufuata mzigo wangu uwanjani

Weibili ya ndege, ile iliyoandikwa AWB, ina tarakimu 11. Tatu za kwanza ni za shirika la ndege: 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Nane zinazofuata ni za hati yenyewe. Ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika utaona, kwa mfano, vipande 38 na kilo 612. Vioo vyako vya kilo tatu viko humo ndani, lakini havionekani. Hati hiyo inamtaja wakala kuwa mpokeaji, na shirika litamkabidhi mzigo yeye, au mtu wake wa forodha. Ndani ya hati kubwa wakala ana weibili zake ndogo, moja kwa kila mteja, na hiyo ndogo ndiyo yako. Unapomuuliza wakala, mtajie weibili ndogo. Ile kubwa itumie kujua tu kama ndege imetua.

Namba ya AWB unaweza kuipima mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Chukua tarakimu saba zinazofuata kiambishi cha shirika, zigawe kwa 7, na baki yake lazima ilingane na tarakimu ya mwisho. Mfano ni 176-44821932. Saba hizo ni 4482193. Ukigawa kwa 7 unapata 640313 na baki 2. Tarakimu ya mwisho ni 2, kwa hiyo namba imeandikwa sawasawa. Baki ya kugawa kwa 7 haizidi 6, basi AWB inayoishia na 7, 8 au 9 ina kosa, au umetungiwa. Kipimo hiki kinaonyesha kosa la uandishi tu. Hakithibitishi kwamba vioo vyako vimo kwenye ndege hiyo.

Dhana: Namba isiyosomeka ni ya uongo

Wakati mwingine ni ya uongo, lakini sababu ya kawaida ni kwamba lebo imechapishwa na kifurushi bado hakijaskaniwa. Msubiri muuzaji siku mbili tatu kabla ya kumlaumu. Angalia pia kama O imeandikwa mahali pa 0. Mizigo ya posta ya kimataifa ina umbo lisilobadilika: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi ilikotoka, kama RR123456785CN. Kwa hiyo O katikati ya tarakimu hizo ni kosa bila shaka. Mzigo wa namna hii ukishaingia nchini ulizia Posta kwa namba hiyo hiyo, ambayo haibadiliki kwa kuvuka mpaka.

Dhana: Ofisi ya basi itanitafutia kwa trakingi ya Uchina

Haitaweza. Katoni ilipofika Dar es Salaam ilianza safari mpya, na mtumaji mpya ni wakala. Risiti aliyokatiwa pale ofisi ya mizigo ndiyo weibili ya kipande hiki cha safari. Mara nyingi hakuna skana, kuna kitabu, na karani hutafuta kwa mpangilio wa kitabu chake: siku basi lilipoondoka, namba ya basi, namba ya risiti, jina na simu ya mpokeaji. Mwambie wakala akutumie picha ya risiti nzima. Akikuandikia namba tu, 1 ya mkono hugeuka 7 kirahisi. Usiiweke picha hiyo kwenye makundi ya simu, maana ina jina na simu yako, na mwenye risiti ndiye anayepewa mzigo.

Tuseme fundi wetu amefika stendi ya Nane Nane asubuhi na katoni haipo. Kabla ya kupiga kelele, atazame kwenye risiti basi lilikuwa linaishia wapi. Mabasi mengi ya njia hii hayaishii Mbeya, yanaendelea hadi Tunduma, na katoni iliyozikwa chini ya mizigo ya Tunduma hupitilizwa usiku. Amwambie karani hivi:

"Shikamoo mama. Nafuatilia katoni moja, risiti hii hapa, imetoka Dar jana jioni na basi hili, jina la mpokeaji ni langu. Naomba uwapigie Tunduma waangalie kama imeshuka huko."

Karani akipiga simu atasoma vitu viwili tu: namba ya risiti na namba ya basi. Ikiwa iko Tunduma, fundi aulize itarudi na basi lipi, aandike namba ya basi hilo nyuma ya risiti ile ile, na kesho yake aje nayo hiyo hiyo. Katoni inayorudishwa kwa kawaida haikatiwi risiti mpya.