Hakulia, basi hakuumia?

"Mtoto wetu alizaliwa amekufa. Bwana yangu hakutoa hata chozi, siku ya tatu akarudi kazini. Huyu mtoto hakumuuma."

Machozi si kipimo. Wako wanaoomboleza kwa kusema na kulia, wako wanaoomboleza kwa mikono. Tuseme ni baba wa Kadutu, hapa Bukavu: ndiye aliyetafuta sanduku dogo, akachimba, akazika, mama akiwa bado kitandani. Hiyo ndiyo ilikuwa kilio chake. Halafu siku hiyohiyo ya tatu, maziwa yanamjaa mama. Mwili unamdai mtoto. Wa baba haumdai kitu. Hapo ndipo wanapoachana njia: mama anaona ukimya ni ubaridi, baba anaona machozi ni lawama, anakawia kurudi nyumbani.

Jioni, robo saa inatosha. Baba asimulie maziko: wapi, nani alikuwepo, mtoto alivikwa nini. Mara nyingi mama hajui hata kaburi liko wapi! Kisha mama aseme, baba asikilize bila kutoa shauri, wala ile "tutapata mwingine". Tarehe aliyotazamiwa kuzaliwa waiweke akilini wote wawili; huzuni hurudi siku hiyo.

Baba akianza kunywa kila siku, au mmoja akitaja kufa, waende kituo cha afya mapema.