Jina la Korosho Halipimwi kwa Kuuliza Kama ni Zuri

Wiki hii tena mteja mmoja amenijia na majina matatu ya korosho anazofungasha hapa Mtwara, akisema kwamba amekwisha kuyapima, kwa kuwa aliwauliza ndugu zake na wote wakayasifu. Huko si kupima. Ndugu akiulizwa kama jina ulilolichagua ni zuri, atakujibu kwa adabu, na akiulizwa mbele ya wakubwa wake atafuata walivyosema wao.

Majina yenyewe yalikuwa Ilulu, Msimbati na Rahaleo. Kuhakikisha kwa BRELA, wakala wa kusajili biashara, kwamba jina halijachukuliwa ni kazi ya mwanzo kabisa, na sitaieleza hapa.

Tulianza na sikio. Mpigie simu mtu asiyeijua biashara yako, litamke jina mara moja tu ndani ya sentensi ya kawaida, kama vile "Naomba pakiti mbili za Msimbati", kisha mwombe akutumie ujumbe wenye jina hilo kama alivyolisikia, bila kulirudia. Msimbati lilirudi kwa baadhi ya watu likiwa Simbati, kwa sababu ile M ya mwanzo hutamkwa midomo ikiwa imefungwa, na simu yenye kelele huimeza. Rahaleo lilirudi kwa wengine likiwa maneno mawili. Ilulu lilirudi salama.

Ilulu lilikwama kwenye jicho. Katika fonti ya Arial, I kubwa na l ndogo zote ni kijiti kilichosimama, kwa hiyo wasomaji wasiolifahamu jina hilo waliliona kuwa Lulu lililokosewa. Katika Times New Roman, I kubwa ina vijistari juu na chini, na utata ukapungua; tulipoliandika lote kwa herufi kubwa, ILULU, ukaisha. Chapisha kila jina kwa ukubwa uleule wa lebo, ulibandike kwenye pakiti na ulisome kutoka ng'ambo ya kaunta, maana kioo cha kompyuta hukuza kila kitu na kuficha kasoro.

Maoni ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Muulize kila mtu peke yake, usimwambie jina ni la nani, wala usimuulize kama analipenda. Muulize, "Unadhani hawa wanauza nini?" Kwa Rahaleo, majibu yalikuwa baa na nyumba ya wageni, jambo ambalo hakuna ndugu hata mmoja aliyelitaja. Kesho yake waulize ni jina gani wanalikumbuka.

Hata hivyo, vipimo hivi hufichua kasoro tu. Havinionyeshi jina litakalopendwa baada ya mwaka, kwa kuwa masikio huzoea, na jina lililoonekana geni leo huweza kupendwa korosho zenyewe zikiwa nzuri.

Mteja alichukua ILULU kwa herufi kubwa, na chini yake tukaongeza neno "korosho", kwa sababu hakuna aliyeulizwa aliyebashiri kwamba ndani ya pakiti hiyo kuna korosho.